Kigezo Nilichokiacha Wazi

Mwanafunzi akiniletea insha ya kulinganisha iliyokatwa vipande viwili, nusu ya huku na nusu ya kule, hasira hunipanda kabla sijafika ukurasa wa pili. Wanafunzi wangu wanajua. Wanasemezana, wakidhani sisikii, kwamba yule mama ana ugomvi wake binafsi na aya. Hawajakosea. Ugomvi ninao, na nitausimulia mwenyewe, maana wengi waliokuwemo wamelala kibanjani na hawatanikatiza.

Kibanja kwetu ni shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba. Humo tunachuma, humo tunazikana. Kibanja chetu kiko Izigo, na miaka ile nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la babu, kisha nafasi tupu ya mtu mmoja, kisha kaburi jipya la mama. Nafasi ile ilikuwa ya baba. Alikwenda vitani Uganda nikiwa bado mdogo, na mdogo wangu wa kike akiwa tumboni, na hakuna aliyerudi kutuambia alizikwa wapi. Bibi, mama yake baba, hakukubali mgomba uote pale. Alipapalilia kama kitanda kinachotandikwa kila asubuhi, na akiwa pale alikuwa akiongea. Mimi nilikuwa napita mbali, nikiziba masikio, kwa sababu alikuwa akiacha nafasi kati ya maneno yake, kama anayesubiri kujibiwa.

Mama alifariki kwa ule ugonjwa. Watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikivuka mpaka kutoka Uganda, maana walioanza kuugua walikuwa wafanyabiashara wa njia ile. Lakini jina hilo lilitajwa kwa ajili ya wagonjwa wa nyumba nyingine. Nyumbani kwako mgonjwa alikuwa na malaria, au kifua, au jirani mwenye kijicho. Mama yetu, aliyekuwa akiuza samaki Kemondo, alikufa kwa kifua, ndivyo tulivyosema, na aliyetaka kubisha abishe.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni huko juu Kamachumu. Mdogo wangu alikuwa ameachwa kwa bibi kwa muda tu. Likizo ya mwezi wa sita ukoo ungekaa kikao kuamua alelewe wapi: abaki kwa bibi Izigo, au achukuliwe na baba mdogo aliyekuwa na duka la vitambaa mjini Bukoba. Baba mdogo alikuwa amemwomba mtoto yeye mwenyewe. Mimi nilimtaka aende mjini. Tena nilimtaka aende mbiombio, kabla bibi hajamfundisha kuongea na nafasi tupu.

Basi fikiria nilivyofurahi mwalimu wetu wa Kiswahili alipoandika ubaoni: Linganisha maisha ya mjini na maisha ya kijijini. Niliona kama Mungu ameniandikia yeye mwenyewe.

Nilimwaga wino. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa Bukoba tupu: taa za umeme, hospitali kubwa, lami, meli ikipiga honi asubuhi ikitoka Mwanza, shule zenye vioo madirishani. Kisha nikaandika, "Sasa tutazame kijijini," na kurasa mbili zilizofuata zikawa Izigo: matope, kibatari, vilio vya misiba kutoka kilima hadi kilima, makaburi nyuma ya nyumba, bibi anayeongea peke yake. Mwisho nikafunga kwa sentensi moja: "Hivyo basi, ni dhahiri kuwa maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini." Nilipeleka insha ile nikitembea kwa madaha.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Kiislamu, mzaliwa wa Bukoba mjini, ambaye mababu zake walitoka pwani zamani na biashara zao. Kiswahili alikinyonya kwa mama yake, si kama sisi tuliokipata darasani baada ya Kihaya. Alivaa kanga begani hata akiwa anafundisha, na alikuwa na ulimi, jamani, ulimi huo! Aliniita mezani kwake siku ya pili yake, darasa likiwa limetoka kwenda kula.

"Hii nini?" akaniuliza.

"Insha, Mwalimu."

"Ya ngapi?"

Sikumwelewa.

"Nakuuliza ya ngapi, maana mimi naona mbili. Moja ya Bukoba, moja ya Izigo, umezifunga kamba moja ukaniletea. Ulinganisho uko wapi?"

"Si huo hapo mwisho, Mwalimu? Nimesema mjini ni bora."

"Umesema. Hujaonyesha." Akacheka puani. "We mtoto, nyie Wahaya ndizi na maharage mnapika chungu kimoja, tena mkipikiwa mbalimbali mnasema mmenyimwa. Insha je? Mbona ndizi umenipa leo na maharage utanipa kesho?"

Nilinuna. Nilimwambia kwamba vitabu vinaruhusu kumaliza upande mmoja kwanza halafu mwingine. Nilikuwa na mdomo tangu utotoni, sijifichi.

Hakukasirika. Alisema ni kweli, inaruhusiwa, na kwa insha fupi yenye mambo machache inafaa kabisa, ili mradi upande wa pili ujibu maswali yaleyale ya upande wa kwanza, kwa mpangilio uleule. "Wewe upande wa pili haujibu chochote. Huku unaniambia hospitali. Kule unaniambia matope. Hospitali na matope vinalinganishwaje? Mjini matope hakuna? Kule kwenu mtu akiugua anapelekwa wapi? Msomaji akifika Izigo ameshasahau Bukoba, na wewe unamtegemea asahau. Ndiyo maana umeandika hivi."

Hapo alinigusa. Nilitazama chini.

Akachukua karatasi akachora mistari miwili ya kusimama, likatoka jedwali la safu tatu. Juu ya safu ya kwanza akaandika Kigezo, ya pili Mjini, ya tatu Kijijini. Akaniambia nichukue kila sentensi ya insha yangu, moja moja, niulize: hii inajibu swali gani? Swali hilo ndilo kigezo. Liende safu ya kwanza. Sentensi iende upande wake. Kisha swali lilelile, bila kulibadilisha hata kidogo, nilipeleke upande wa pili, nione kama kuna jibu.

"Na mahali pasipo na jibu?" nikauliza.

"Patabaki peupe. Ule weupe ndio utakaokuambia umelinganisha nini na umeficha nini."

Nilikaa palepale mezani kwake nikaanza, yeye akisahihisha madaftari ya wenzangu. Ilikuwa kazi ya kuudhi. Taa za umeme na kibatari vilikaa vizuri: kigezo, mwanga. Nikaandika na vioo vya madirisha, na bati, kila kimoja na mstari wake. Mwalimu akanyoosha shingo, akasema hivyo vyote ni nyumba, viunganishe viwe kigezo kimoja cha makazi, nisijaze jedwali kwa kuwahesabu ndugu wa tumbo moja kama wageni. Nilikuwa nimeandika pia "uzuri". Akauliza uzuri wa nini, unapimwaje? Nilipoanza kujiumauma, akaukata. Kigezo, alisema, lazima kiwe kitu ambacho watu wawili wanaobishana wanaweza kukitazama pamoja.

Hospitali ikaenda kwenye matibabu. Upande wa Kijijini palikuwa peupe. Nikafikiri, nikaandika kwamba kuna zahanati, na ikizidiwa kuna hospitali ya misheni, mwendo wa kutembea. Kumbe si peupe. Shule: zipo pande zote, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa ndani ya shule ya kijijini nikiandika kwamba shule ziko mjini. Mwalimu aliliona hilo, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Chakula: mjini kinanunuliwa sokoni, kijijini kinakatwa mgombani. Sikuwa nimekitaja kabisa kwenye insha, kwa kuwa kilikuwa kinampa bibi ushindi.

Kisha nikafika kwenye makaburi. Niliandika "makaburi" safu ya Kijijini, nikauma kalamu.

"Kigezo chake nini?" Mwalimu akauliza.

"Sijui. Labda vifo."

"Haya, mjini je? Mjini watu hawafi?"

"Wanakufa, Mwalimu. Wanakufa sana." Nilifikiria barabara ya kutoka Bukoba, pikapu zikija kwa mwendo wa polepole, jeneza nyuma, wanawake wamelizunguka, matawi yamefungwa mbele. Wiki haikupita bila pikapu. Tulikuwa tukisimama kando ya njia, tukivua ndala, tukikisia kwa mwelekeo wake ni msiba wa kijiji gani. "Ila wanazikwa kijijini. Hakuna wa kwetu anayezikwa mjini."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Kwao walizika palepale mjini, makaburini kwao, siku hiyohiyo. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi andika hivyohivyo. Mjini wanafia, kijijini wanazikwa. Huo ni ulinganisho. Wa kwanza uliouandika."

Niliandika. Kuanzia hapo sikupenda tena kuitazama karatasi ile. Nilikuwa nimehesabu makaburi kuwa ubaya wa Izigo, kumbe nusu ya watu waliolala Izigo walikuwa wametumwa na Bukoba.

Nilipodhani nimemaliza, Mwalimu alipitisha kidole kwenye safu ya kwanza, kutoka juu hadi chini. Makazi, chakula, elimu, matibabu, kifo na mazishi. "Nyumba ipo," akasema, "sufuria ipo, shule ipo, kaburi lipo. Mbona sioni mtu? Kuna mtoto humu ndani ya insha yako, usidhani sijamwona. Nani anamlea?"

Sijui alijuaje. Labda shule nzima ilijua, maana yatima tulikuwa wengi na habari zetu zilitembea. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, mstari wa mwisho: Mlezi. Akaniambia nirudi bwenini niandike upya. Kila aya ianze na kigezo, si na mahali. Ndani ya aya nianze mjini, niende kijijini, mpangilio usibadilike, nitumie ilhali na vilevile na kinyume chake ili pande mbili zishikane mikono. Nipange vigezo kutoka chepesi hadi kizito. Na hitimisho lisiseme kipi kimepata pointi nyingi. Liseme kigezo kipi kina uzito na kwa nini. "Vigezo havilingani, mama. Taa na mlezi si sawa."

Niliandika. Aya ya makazi ilitoka, ya chakula ikatoka, ya elimu ikanifanya nicheke peke yangu. Ilipofika aya ya mlezi niliandika: "Kwa upande wa mlezi, mjini mtoto hulelewa na baba mdogo, ilhali kijijini hulelewa na bibi." Nikakwama. Nilitakiwa niulize swali moja kwa wote wawili. Umri? Bibi alikuwa mzee, baba mdogo kijana, na nilitaka kuishia hapo. Lakini umri ulikuwa unajibu swali gani hasa? Tunauliza umri wa mlezi kwa sababu tunataka kujua kama atakuwepo mtoto akikua. Swali lenyewe lilikuwa hilo: nani atakuwepo? Upande wa bibi niliweza kuandika. Alilima, alibeba kuni, alimgombeza kila mtu. Upande wa baba mdogo nikamkumbuka alivyokuja kwenye matanga ya mama. Alikuwa amevaa koti zito na jua linawaka, kikombe cha chai kikitetemeka mkononi. Mke wake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, kwa kifua. Pikapu iliyopeleka jeneza lake kijijini kwao niliiona mimi mwenyewe.

Nilifunga daftari, na pale kwenye aya ile pakabaki peupe.

Likizo ilipofika nilishuka Izigo na sanduku kichwani. Kikao kilikaa mchana wa siku ya pili. Bibi alikuwa ametandaza nyasi mpya sakafuni, kahawa za kutafuna zikawekwa kwenye kikapu kidogo, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa kwenye kibuyu. Wanaume walikaa kwenye viti ukutani. Wanawake tulikaa chini kwenye nyasi, na msichana kama mimi nilikaa nyuma ya wote, mdogo wangu akiwa amelala mapajani mwangu. Kwenye kikao cha ukoo msichana hasemi. Haijaandikwa popote, ila kila mtu anaijua.

Mzee wa ukoo, kaka mkubwa wa marehemu babu, alimpa baba mdogo nafasi kwanza. Alikuwa na koti lilelile. Alisema vizuri, alikuwa msemaji siku zote. Alitaja umeme, shule yenye madawati, hospitali kubwa, duka lake ambalo mtoto angejifunzia kazi. Kila neno lilikuwa langu. Nilihisi kama ameisoma insha yangu ya kwanza. Wanaume wakatikisa vichwa.

Kisha akapewa bibi. Bibi hakujibu hata moja katika hayo. Yeye alisema juu ya kibanja, juu ya mwanawe aliyepotea vitani, juu ya kaburi la mama, kwamba mtoto akiondoka nani atampa mama yake habari za nyumbani. Akalia. Wanawake wakalia. Wanaume wakatazama dari, na mzee wa ukoo akatafuna kahawa yake taratibu.

Mimi pale nyuma nikawa nahesabu kimoyomoyo. Insha mbili! Hii ya Bukoba imekwisha, hii ya Izigo imekwisha, zimefungwa kamba moja, na sasa mtu atasimama aseme ni dhahiri. Hakuna swali hata moja lililoulizwa pande zote mbili. Na ni kweli, mzee alijikohoza akaanza: "Kwa kuwa mjini kuna kila kitu..."

"Naomba kuuliza," nikasema.

Weee! Shangazi aliyekuwa mbele yangu aligeuka akanifinya paja hadi nikaona nyota. Mzee mmoja akasema shule ndiyo inayowaharibu hawa. Lakini mzee wa ukoo alikuwa ameshasikia, na labda alichoka kutafuta neno la kusema, akaniinulia mkono. Uliza.

"Ni swali moja," nikasema, "ila naomba lijibiwe na wote wawili." Nilimshika mdogo wangu bega. "Mpaka huyu mtoto amalize darasa la saba, nani atakuwepo?"

Kila mtu mle ndani alijua nimeuliza nini. Ndicho kitu ambacho hakuna aliyekiuliza kwenye nyumba yoyote wilaya nzima ya Muleba miaka ile.

Bibi alijibu kwanza. Alifuta machozi, na sauti yake ikawa ya mtu anayepanga bei sokoni. "Mimi ni mzee. Naweza kuanguka. Lakini nikianguka, nitakuwa nimeangushwa na uzee, na uzee unabisha hodi kwanza. Sina kingine mwilini. Nadhani nitafika."

Wote wakamgeukia baba mdogo. Alikuwa anatazama mikono yake. Nikawaza, atasema ana kifua. Atasema ni malaria, nasi tutaitikia, na mtoto ataondoka naye kesho. Badala yake alianza kufungua vifungo vya koti. Alifungua polepole, vidole vilikuwa havimtii. Akalivua. Ndani alivaa shati la mikono mifupi. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na ngozi, na kwenye ngozi kulikuwa na madoa yaleyale tuliyoyaosha kwa mama.

Akalikunja koti vizuri akaliweka magotini, kama mwenye duka anavyokunja kitambaa ambacho mteja hakukinunua.

"Abaki kwa mama," akasema mwisho, akimtazama bibi. "Mtoto abaki hapa."

Mzee wa ukoo hakuwa na haja ya kuamua. Mdogo wangu alikuwa bado amelala.

Baadaye, watu wakiwa wanakunywa, baba mdogo aliniita nyuma ya nyumba, karibu na makaburi. Niliogopa. Nilidhani atanilaani. Alisimama akitazama ile nafasi tupu iliyopaliliwa.

"Unajua nilimtaka mtoto kwa ajili ya nini?" akaniuliza.

"Shule, baba mdogo."

"Si shule. Nilitaka kuwe na mtu ndani. Nikizidiwa, kuwe na mtu wa kuniletea maji. Kule mjini wapangaji wenzangu hawaingii tena chumbani kwangu. Nilisema mtoto haogopi, mtoto hajui." Akanitazama. "Umeuliza vizuri. Lakini sasa mimi, mwanangu, nani atakuwepo kwangu?"

Nilikuwa nimepeleka swali langu pande mbili, na yeye sasa alikuwa ametoka kwenye safu zote. Asubuhi alipanda pikapu akarudi Bukoba, koti begani.

Shule ilipofunguliwa nilimaliza aya ile. Niliandika kwamba vigezo vingine vyote mji na kijiji vinagawana, huku kinazidi hiki na kule kile, lakini kigezo chenye uzito ni mlezi atakayebaki, kwa sababu taa haimfuniki mtoto shuka. Mwalimu alisoma amesimama dirishani. Alisoma mara mbili. Hakunitania. Aliandika alama, akapiga mstari mwekundu chini ya aya ya kifo na mazishi, kwenye maneno yangu: mjini wanafia, kijijini wanazikwa.

"Kosa?" nikauliza.

"Si kosa. Insha imekaa sawasawa sasa." Alirekebisha kanga yake. "Nilitaka tu kukuuliza. Hii ni sheria, au ni mazoea?"

Swali lile nililipeleka nyumbani. Jumapili iliyofuata niliomba ruhusa nikashuka Izigo. Nilimkuta bibi anapalilia pale mahali pake, na kwa mara ya kwanza sikupita mbali. Nilichuchumaa nikamwambia yote, alichosema baba mdogo kuhusu maji, na jinsi wapangaji wanavyokwepa mlango wake. Bibi aliacha jembe. Aliigeukia ile nafasi tupu, akazungumza nayo kwa Kihaya, maneno machache. Akasubiri kama kawaida yake. Nami nilijikuta nasubiri.

"Kaka yake anasema tukamlete," bibi akasema.

"Bado hajafa, bibi."

"Ndiyo maana. Tumewapokea wangapi kwenye majeneza? Huyu nitampokea akiwa anapumua. Nimlishe mwenyewe."

Alikwenda mwenyewe, bibi yule, ambaye hakuwa amepanda gari tangu vita. Alikodi pikapu na majirani wawili. Watu walisimama kando ya barabara kutoka Kemondo wakavua ndala kama kawaida, kisha wakaona mgonjwa ameketi nyuma, ameegemea kifua cha mama yake, macho wazi, akiwatazama. Wengine walipiga kelele wakakimbia. Walidhani maiti imeamka.

Alikaa nasi mpaka msimu wa senene, mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nikija kila niliporuhusiwa, na kila nilipokuja nilimkuta mdogo wangu kwenye kigoda kando ya kitanda, ameshika kikombe cha bati cha maji kwa mikono miwili. Hakuna aliyemtuma. Bibi alimwambia ugonjwa ule unaitwaje, akalitaja jina wazi ndani ya nyumba yetu wenyewe, na kwamba maji hayaambukizi.

Alipofariki, wazee walitaka kuchimba kando ya mama. Bibi akakataa. Akawaonyesha ile nafasi tupu. Baba yangu akampisha mdogo wake, ndivyo alivyosema bibi, na kuanzia siku ile sikumsikia tena akiongea kibanjani.

Bibi alifika. Mdogo wangu alimaliza darasa la saba bibi akiwa mlangoni anamgombeza kwa kuchelewa kurudi na matokeo. Leo ni muuguzi. Juzi nilimuuliza anakumbuka nini cha siku zile, nikitegemea atataja kikao, koti, mikono. Hakumbuki. Alikuwa amelala mapajani mwangu. Anakumbuka tu kwamba baba mdogo alikuwa akimaliza maji anamrudishia kikombe na kumwambia, "Asante, mama, upo?" naye anajibu, "Nipo."